Hatua Kumi za Kuleta Namba Ndogo Mbele

Kata vikaratasi saba, andika namba moja kwenye kila kimoja, kisha uvipange mezani kutoka kushoto kwenda kulia hivi: 6 4 7 2 5 1 3. Unaruhusiwa jambo moja tu. Unachukua vikaratasi viwili vinavyopakana na kuvibadilishana nafasi, cha kushoto kikaenda kulia na cha kulia kikaja kushoto. Hiyo ni hatua moja. Umepewa hatua 10, na si lazima uzimalize. Je, ni safu gani iliyo ndogo kuliko zote unazoweza kuzifikia?

Swali hili ni la darasani, katika masomo ya sayansi ya kompyuta, na huulizwa pia kwenye usaili wa kazi za kuandika programu. Mara nyingi idadi ya hatua huandikwa kwa herufi k, ili swali lihusu k yoyote na safu ya urefu wowote. Jibu lake hujaa kiganjani, mistari kumi na kitu ya programu. Mimi navutiwa zaidi na sababu ya jibu hilo kuwa sahihi, kwa sababu mtu anaweza kuandika programu isiyokosea hata mara moja na bado asijue kwa nini haikosei.

Kwanza tujue safu moja inakuwaje ndogo kuliko nyingine. Safu hulinganishwa jinsi maneno yanavyopangwa kwenye kamusi. "Paka" hutangulia "panya" kwa kuwa herufi mbili za mwanzo zinafanana, na kwenye ya tatu k hutangulia n. Yanayofuata hapo hayaangaliwi tena. Vivyo hivyo safu 1 7 7 7 ni ndogo kuliko 2 1 1 1. Zimetofautiana kwenye nafasi ya kwanza, basi mashindano yameishia hapo. Nafasi ya kwanza ina nguvu kuliko nafasi zote zinazobaki zikijumlishwa, na ya pili ina nguvu kuliko zote zinazoifuata, hivyo hivyo hadi mwisho wa safu.

Kwa hiyo tunaanza na nafasi ya kwanza: ni namba gani ndogo kabisa tunayoweza kuifikisha pale? Namba husogea nafasi moja tu kwa kila hatua. Ukiwa na hatua 10, namba iliyo nafasi kumi upande wa kulia inaweza kuletwa, na iliyo nafasi kumi na moja haiwezi kwa namna yoyote. Tuite eneo hilo linalofikika dirisha. Linaanzia kwenye nafasi unayoijaza na kwenda kulia kwa nafasi nyingi kama hatua ulizobaki nazo, au hadi mwisho wa safu kama safu inaisha mapema. Ndani ya dirisha unatafuta namba ndogo kuliko zote, unaivuta hadi mwanzo wa dirisha, unatoa gharama yake kwenye akiba ya hatua, kisha unahamia nafasi inayofuata na kufungua dirisha jipya. Algoriti za namna hii, zinazochukua kilicho bora kwa sasa bila kupiga hesabu za kesho, huitwa algoriti za pupa.

Tuifanye kwa vikaratasi vyetu. Akiba ni 10, safu ina namba saba, kwa hiyo dirisha la kwanza linafunika safu nzima. Ndogo kabisa ni 1, nayo iko nafasi ya sita. Kuileta nafasi ya kwanza kunagharimu hatua 5. Inabadilishana na 5, kisha na 2, kisha 7, 4 na mwisho 6. Sasa meza inasomeka 1 6 4 7 2 5 3, na akiba imebaki 5. Angalia kwamba 6, 4, 7, 2 na 5 hazikuvurugika baina yao. Kila moja imesukumwa kulia nafasi moja, lakini zinafuatana vilevile kama mwanzo.

Nafasi ya pili. Akiba ni 5, dirisha linaanzia nafasi ya 2 na kuishia nafasi ya 7, yaani bado tunaona kila kilichobaki: 6 4 7 2 5 3. Ndogo ni 2, iliyo nafasi ya 5. Gharama ni hatua 3. Meza: 1 2 6 4 7 5 3. Akiba: 2.

Hapa dirisha linabana. Tunajaza nafasi ya tatu tukiwa na hatua 2, kwa hiyo tunaona nafasi ya 3 hadi ya 5 tu: 6, 4 na 7. Namba 3 ilikuwa dirishani sasa hivi, na ndiyo ambayo kila mtu angetamani kuiweka hapa, lakini iko nafasi ya saba, hatua nne kutoka tulipo, nasi tuna mbili. Imetoka dirishani. Tunachukua 4 kwa hatua 1, na meza inakuwa 1 2 4 6 7 5 3, akiba 1.

Nafasi ya nne: dirisha lina 6 na 7. Ndogo ni 6, nayo tayari ipo mahali pake, hivyo hatulipi kitu. Nafasi ya tano: dirisha linasogea na kuonyesha 7 na 5. Tunazibadilisha kwa hatua ya mwisho, na jibu ni 1 2 4 6 5 7 3.

Ukingo wa kulia wa dirisha unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu haufanyi kile ambacho mtu angetarajia. Ukijumlisha nafasi unayoijaza na akiba uliyonayo, unapata ukingo huo: mwanzoni ni 11 (tunaukata kwenye 7 kwa kuwa safu imeishia hapo), kisha 7, kisha 5, kisha 5 tena, kisha 6. Ukilipa hatua 5, ukingo unarudi nyuma kwa 4. Ukilipa 3, unarudi kwa 2. Ukilipa 1, haupungui wala hauongezeki. Na usipolipa kitu, unasonga mbele kwa 1. Kwa hiyo dirisha husinyaa kutoka pande zote mbili unapotumia akiba kwa wingi, lakini namba ikiwa tayari iko mahali pake, dirisha lenye upana uleule huteleza kulia na kufunua namba ambayo hukuweza kuiona kabla. Ndivyo tulivyoiona 5 kwenye nafasi ya sita, ilhali dirisha lililotangulia halikuifikia.

Sasa angalia jibu letu tena: 1 2 4 6 5 7 3. Namba 3, ya tatu kwa udogo, imeachwa mkiani kabisa. Mtu akiona hivyo anaweza kudhani tumefanya kazi vibaya, kwamba hatua kumi zingetosha kuipanga safu vizuri zaidi ya hapo. Shaka hiyo ni ya haki, na kuijibu ndiko kunakofungua siri ya swali zima.

Hesabu jozi zilizopinduka, yaani kila jozi ya namba ambamo kubwa iko kushoto na ndogo iko kulia. Katika 6 4 7 2 5 1 3, namba 6 imepinduka na 4, 2, 5, 1 na 3: jozi tano. Namba 4 imepinduka na 2, 1 na 3: tatu. Namba 7 ina nne, 2 ina moja, 5 ina mbili. Jumla 15. Hesabu ya namna hii ni ya zamani kuliko kompyuta. Gabriel Cramer, mwanahisabati wa Geneva, aliitumia mwaka 1750 katika kanuni yake ya kutatua milinganyo, akihitaji kujua alama ya kujumlisha au ya kutoa kwenye kila kipande cha hesabu.

Unapobadilisha namba mbili zinazopakana, uhusiano wa hizo mbili tu ndio unaobadilika. Namba nyingine zote zinaziona mbili hizo upande uleule zilipokuwa. Maana yake, hatua moja inaondoa jozi moja iliyopinduka, au inaongeza moja ukibadilisha vibaya. Haiwezi kamwe kuondoa mbili. Safu yetu yenye jozi 15 inahitaji hatua 15 ili ipangike kikamilifu. Hakuna njia ya mkato. Na mwenye hatua 10, hata awe na ujuzi gani, ataacha jozi zisizopungua 5.

Tujaribu njia nyingine kwa akiba ileile. Ipo njia maarufu ya kupanga inayofundishwa mapema madarasani, ile ya mapovu: unapita kutoka kushoto kwenda kulia, na kila ukikuta kubwa imetangulia ndogo jirani yake, unazibadilisha; ukifika mwisho unaanza tena. Kwenye vikaratasi vyetu, mzunguko wa kwanza unatumia hatua 5 na kuipeleka 7 mwisho: 4 6 2 5 1 3 7. Mzunguko wa pili unatumia hatua 4 na kuifuatisha 6: 4 2 5 1 3 6 7. Hatua ya kumi inabadilisha 4 na 2, na akiba imekwisha: 2 4 5 1 3 6 7.

Hesabu jozi zilizobaki. Kwa njia ya mapovu: 2 na 1, 4 na 1, 4 na 3, 5 na 1, 5 na 3. Tano. Kwa njia yetu ya pupa: 4 na 3, 6 na 5, 6 na 3, 5 na 3, 7 na 3. Tano pia. Njia zote mbili zimefanya kazi sawa kabisa, hakuna hatua iliyopotea popote. Tofauti ni mahali ambapo fujo imeachwa. Mapovu yamesafisha upande wa kulia na kuacha jozi zote tano zikigusa nafasi tatu za mwanzo. Pupa imesafisha mwanzo, na fujo yote ikasukumwa nyuma ya nafasi mbili za kwanza. Kwa kipimo cha kamusi, 1 2 4 6 5 7 3 ni ndogo kuliko 2 4 5 1 3 6 7, na hukumu imetoka kwenye namba ya kwanza tu. Kwa kipimo cha kukaribia mpangilio kamili ziko sare. Maurice Kendall, mtakwimu Mwingereza, alijenga mwaka 1938 kipimo cha kulinganisha orodha mbili za madaraja kinachotegemea jozi hizihizi, na kwa kipimo chake safu hizi mbili ziko umbali mmoja kutoka 1 2 3 4 5 6 7. Basi anayetaka safu "iliyopangika zaidi" hana haja ya pupa hii. Hatua yoyote inayoondoa jozi iliyopinduka itamfaa. Pupa ni ya yule anayejali mwanzo wa safu.

Jozi hizo pia zinajibu swali gumu zaidi: kwa nini pupa haitudhuru baadaye? Katika mambo mengi ya hesabu, kuchukua kizuri cha leo kunakufungia kizuri zaidi cha kesho. Mtu anaweza kuuliza kama hakuna namna ya kijanja ya kuichanganya safari ya 1 na safari ya namba nyingine, hatua zikaokolewa.

Hakuna, na sababu ni hii. Chukua safu yoyote ya mwisho inayoanza na 1. Ili kuifikia, lazima jozi tano za 1 na namba zilizokuwa kushoto kwake zipinduliwe: 6 na 1, 4 na 1, 7 na 1, 2 na 1, 5 na 1. Hizo ni hatua 5, zisizoweza kupunguzwa. Halafu kuna jozi za namba nyingine zenyewe kwa zenyewe, zisizoihusu 1 kabisa, na kila moja inayopaswa kugeuzwa inadai hatua yake. Madeni hayo mawili hayagusani. Hakuna hatua inayolipa deni hili na lile kwa pamoja, kwa kuwa kila hatua hugusa jozi moja tu. Kwa hiyo kulipa yale matano kwanza, kwa mkupuo, hakukuharibii lolote. Unabaki na namba sita katika mpangilio wake wa asili na hatua 5 mkononi, yaani swali lilelile likiwa dogo zaidi. Unalijibu kwa namna ileile, na hoja inajirudia mpaka akiba iishe.

Kumbuka kwamba hoja nzima imesimama juu ya ulinganisho wa kamusi. Nafasi ya kwanza ikiwa na nguvu kuliko zote zinazoifuata, hatuna sababu ya kuokoa hata hatua moja kwa ajili ya nafasi ya pili. Utaliona vizuri ukipunguza akiba. Ukiwa na hatua 4 tu kwenye safu ileile, dirisha linafika nafasi ya 5 na 1 haionekani. Unachukua 2 kwa hatua 3, kisha 4 kwa hatua 1, unapata 2 4 6 7 5 1 3. Ukiongezewa hatua moja tu, ikawa 5, dirisha linaigusa 1, unaichukua kwa akiba yote, na jibu ni 1 6 4 7 2 5 3. Kwa macho ya kawaida safu hii ya pili inaonekana mbaya zaidi kuanzia nafasi ya pili na kuendelea. Kwa kamusi ni bora, na inatosha.

Programu yake kwa lugha ya Python ni hii. Kompyuta huhesabu nafasi kuanzia sifuri, ila hesabu ya gharama haibadiliki.

```python
def ndogo_zaidi(a, k):
    n = len(a)
    for i in range(n):
        if k == 0:
            break
        mwisho = min(i + k, n - 1)
        m = i
        for j in range(i + 1, mwisho + 1):
            if a[j] < a[m]:
                m = j
        x = a.pop(m)
        a.insert(i, x)
        k -= m - i
    return a
```

Makosa ninayoyaona mara nyingi kwenye programu ya namna hii ni mawili, na yote mawili yana tabia ya kujificha.

La kwanza ni kubadilishana moja kwa moja. Mtu anaipata 1 kwenye nafasi ya sita, anaibadilisha na 6 iliyo ya kwanza kwa mpigo mmoja, kisha anatoa 5 kwenye akiba. Meza yake inasomeka 1 4 7 2 5 6 3. Inaonekana nzuri, namba moja imekaa mbele, gharama imekatwa. Lakini safu hiyo haifikiki kwa hatua 5. Kubadilisha namba mbili zilizoachana kwa nafasi 5, ukitumia majirani tu, kunadai hatua 9: tano za kuileta 1 mbele, na nne za kuirudisha 6 nyuma kupita 5, 2, 7 na 4. Ndiyo maana programu hapo juu inaitoa namba na kuichomeka mbele, nyingine zikasogea zikiwa zimeshikamana. Kipimo cha kulinasa kosa hili ni zile jozi. Hesabu zilizopinduka kabla na baada. Tofauti lazima iwe sawasawa na hatua ulizotumia. Kwenye meza ya makosa jozi zilizobaki ni 8: 4 na 2, 4 na 3, 7 na 2, 7 na 5, 7 na 6, 7 na 3, 5 na 3, na 6 na 3. Kutoka 15 hadi 8 ni tofauti ya 7, ilhali amejilipisha 5. Hesabu haikubali, na programu ina kosa.

La pili linatokea namba zikijirudia. Chukua 5 2 2 na akiba ya hatua 2. Ukichagua 2 ya kushoto unalipa hatua 1, safu inakuwa 2 5 2, kisha hatua iliyobaki inaleta 2 2 5. Ukichagua 2 ya kulia unalipa hatua 2, unapata 2 5 2 na huna tena kitu. Umelipa hatua nzima kuipitisha 2 juu ya 2 nyingine, kazi isiyobadilisha chochote machoni. Kwenye programu, tofauti ni alama moja: `<` inashika ya kushoto, `<=` inashika ya kulia. Ukijaribu programu yako kwa safu ambazo namba zake zote ni tofauti, kosa hili halitajitokeza kamwe. Weka marudio kwenye majaribio yako.

Kwa vikaratasi saba hakuna wa kulalamikia mwendo. Safu ikiwa na namba 30,000 na akiba ikiwa kubwa, kuchungulia kila dirisha kunafikia ulinganisho wapatao milioni 450, na kusogeza namba kunaongeza kazi nyingine juu yake. Akiba ikiwa ndogo tatizo halipo, maana dirisha haliwezi kuizidi akiba kwa zaidi ya nafasi moja. Ugumu unakuja vyote viwili vikiwa vikubwa.

Njia ya kuharakisha inaanza na wazo la kutosogeza kitu chochote. Viache vikaratasi mahali pake, na kila unapochukua namba, iwekee alama tu kwamba imeondoka. Gharama ya kuichukua namba yoyote ni idadi ya namba zilizo kushoto kwake ambazo bado hazijachukuliwa. Irudie ile kazi yetu. Namba 1 ina tano kushoto kwake: gharama 5. Namba 2 ina 6, 4 na 7: gharama 3. Namba 4 ina 6 pekee: gharama 1. Namba 6 haina yeyote: 0. Namba 5 ina 6, 4, 7 na 2 kushoto, lakini tatu zimeshaondoka na imebaki 7: gharama 1. Ni gharama zilezile tulizolipa mezani, bila kikaratasi kusogea.

Kilichobaki ni kuhesabu upesi ni ngapi zimesalia kushoto ya nafasi fulani. Peter Fenwick wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, alichapisha mwaka 1994 mpango wa kufanya hivyo, naye aliuhitaji kwa ajili ya kubana data. Boris Ryabko wa Urusi alikuwa ameeleza wazo kama hilo mwaka 1989. Badala ya kutunza hesabu ya kila nafasi peke yake, kila kisanduku kinatunza jumla ya kipande cha safu. Kisanduku cha 8 kina jumla ya nafasi ya 1 hadi ya 8, cha 12 kina ya 9 hadi ya 12, cha 13 kina ya 13 yenyewe. Ukitaka kujua zimesalia ngapi kuanzia nafasi ya 1 hadi ya 13, unajumlisha visanduku vitatu hivyo badala ya nafasi kumi na tatu. Kwa safu ya namba 30,000 hutahitaji zaidi ya visanduku 15 kwa swali moja.

Swali likiwa la tarakimu za namba moja ndefu, kazi inakuwa rahisi zaidi, kwa sababu tarakimu ni kumi tu, kuanzia 0 hadi 9. Unatengeneza foleni kumi, kila tarakimu na foleni ya nafasi zake kutoka kushoto. Kwa kila nafasi unayoijaza, unauliza foleni ya 0 kwanza: yule wa mbele anagharimu hatua ngapi? Akiba ikitosha unamchukua, isipotosha unauliza foleni ya 1, na kuendelea. Huna haja ya kuchungulia dirisha, maana swali la gharama limeshachukua kazi yake. Namba 4321 yenye hatua 4 inatoa 1342: tarakimu 1 inagharimu 3, kisha 2 ingegharimu 2 na haimo kwenye uwezo, 3 inagharimu 1 na inachukuliwa. Sifuri ikija mbele nayo ina neno lake. Namba 100 ukipewa hatua moja inakuwa 010, na muuliza swali ndiye anayepaswa kusema kama sifuri hiyo ya mbele inakubalika.

Soma pia idadi ya hatua kwa makini. Safu ya namba n haiwezi kuwa na jozi zilizopinduka zaidi ya n(n−1)/2. Kwa saba ni 21. Akiba ikifika hapo, panga safu kwa njia yoyote ya haraka na umalize. Lakini kwa namba 100,000 kiwango hicho ni 4,999,950,000, na kwenye lugha kama C au Java aina ya kawaida ya namba nzima huishia 2,147,483,647. Anayeihesabu humo atapata namba ya ajabu, pengine hasi, na programu itafanya uamuzi mbaya bila kulalamika. Inahitajika aina pana zaidi, ya biti 64.

Na swali likisema "hatua k kamili" badala ya "zisizozidi k", jibu linaweza kubadilika. Tuseme safu yetu imepewa hatua 17. Kumi na tano zinaipanga yote, na mbili zinazobaki lazima zitumike: badilisha 6 na 7, kisha zirudishe, na safu imebaki ilivyo. Zikiwa 16, inabaki moja, na hakuna pa kuificha. Mahali pa kuiharibu safu kidogo kuliko pengine pote ni mwisho kabisa, kwa hiyo jibu ni 1 2 3 4 5 7 6. Namba mbili zingekuwa zinafanana, hatua hiyo ya ziada ungeipoteza kati yao, na hakuna ambaye angejua imepita.